Kusoma ngoma ya nyuki: kutoka kioo cha mzinga hadi shamba lenye maua

Nyuki mchumaji akirudi kutoka kwenye maua yenye mbochi nzito, hatui mzigo akaondoka kimyakimya. Hupanda sega, huwasukuma wenzake apate nafasi, kisha hukata kiuno. Huenda mbele kwa mstari ulionyooka huku mwili ukitikisika kushoto na kulia kama mara 13 hadi 15 kwa sekunde, upesi kiasi kwamba jicho huona ukungu tu. Ghafla hutulia, huzunguka kwa kulia hadi alipoanzia, huurudia mstari uleule, na safari hii huzunguka kwa kushoto. Ukichora njia yake kwa kalamu utapata kitu kama namba 8 iliyobanwa katikati.

Ule mstari wa katikati ndio wenye habari. Mizunguko ya pembeni ni kurudi tu. Katika mwongozo huu nitauita mkato. Mkato hubeba mambo mawili. Pembe yake huonyesha upande wa kwenda, na muda wake huonyesha umbali. Karl von Frisch, Mwaustria aliyeifumbua lugha hii na kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 1973, mwenyewe aliisoma vibaya kwa miaka ishirini. Katika miaka ya 1920 aliamini kwamba nyuki wana ngoma moja ya mbochi na nyingine ya chavua. Ni katika miaka ya 1940, alipoanza kuweka chakula mbali na mzinga, ndipo alipoona kwamba tofauti ile ilikuwa ya umbali. Kwa hiyo usijilaumu ukikosea wiki ya kwanza.

Mimi nafugia nyuki Singida, na mfano nitakaoutumia ni wa huku, msimu wa alizeti. Ukiwa mahali pengine, vitakavyobadilika ni jua na kipimo cha umbali tu.

Mzinga wa kioo, ndani ya kibanda chenye giza

Huwezi kusoma ngoma kwa kufungua mzinga wa kawaida. Ukishapuliza moshi na kuinua fremu, wachezaji wameacha kucheza na walinzi wanakutafuta wewe. Unahitaji boksi jembamba lenye fremu moja au mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine, vioo pande zote mbili, na bomba la plastiki linalopita ukutani kutoka nje. Nafasi kati ya kioo na kioo iwe milimita 45 hivi kwa fremu za kawaida. Ukiacha nafasi kubwa zaidi watajenga masega ya ziada juu ya kioo, na hutaona kitu.

Weka fremu yenye mayai, majana na nyuki wa kutosha, pamoja na malkia. Nyuki wetu wa Kiafrika huhama kwa sababu ndogo, na fremu isiyo na majana haina cha kuwazuia. Kazi ya kuwahamishia humo ifanye jioni, umevaa vazi la kinga kamili, na kibanda chenyewe kiwe mbali na nyumba na njia ya watu. Kama kuna mbuzi aliyefungwa kamba karibu, mhamishe kwanza. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kusahau.

Pale bomba linapoingia kwenye boksi, pigilia kipande cha mbao kinachowaelekeza nyuki wote wanaoingia upande mmoja wa sega. Wachumaji huchezea karibu na mlango, kwa hiyo kibao hicho kidogo hukusanya karibu ngoma zote upande unaouangalia.

Giza si la mapambo. Ndani ya mzinga nyuki hana jua la kuoneshea, kwa hiyo hutumia uzito wa dunia badala yake: juu, yaani kinyume cha jiwe linapoangukia, ndiyo jua. Lakini akiuona mwanga wa anga kupitia kioo, huacha kufuata juu na chini na kuanza kuufuata mwanga huo. Utajuaje? Ngoma zote, hata za nyuki wenye chavua za rangi tofauti, zitaonekana zimevutwa upande wa dirisha au mlango. Funika vioo kwa kitambaa kizito, na unapoangalia tumia tochi uliyoizungushia karatasi ya nailoni nyekundu. Nyuki haioni nyekundu. Kwake hilo ni giza.

Timazi, kisha video

Ning'iniza uzi wa timazi mbele ya kioo, wa rangi nyeupe, uonekane kwenye video. Timazi ya fundi inafaa, na nati iliyofungwa kwenye uzi inafaa vilevile. Usitegemee ukingo wa fremu. Boksi likiinama nyuzi 5, kila pembe utakayopima itakuwa na kosa la nyuzi 5, na hakuna hesabu ya baadaye itakayolifuta.

Simu iwe kwenye stendi, ikitazama kioo moja kwa moja, si kwa upande. Tumia kamera ya nyuma. Kamera ya mbele katika simu nyingi hugeuza picha kama kioo cha kujitazamia, na kulia kukiwa kushoto utatembea kwenda shamba ambalo halipo. Kasi ya picha 30 kwa sekunde inatosha, 60 ni bora. Kabla ya kuanza, tamka saa kwa sauti ili ibaki kwenye video yenyewe, kwa sababu bila saa pembe haina maana.

Piga video dakika kumi kumi. Mchezaji mzuri utamtambua kwa kundi la nyuki wanne watano wanaomfuata nyuma na ubavuni, vipapasio vyao vikimgusa. Wao hawamwoni, wanamhisi kwa mguso na kwa mtetemo wa mabawa yake, na mara nyingine mchezaji hutulia akawapa tone la mbochi wakaonja.

Kupima mkato

Cheza video picha moja moja. Mkato unaanza kwenye picha ya kwanza ambayo tumbo limekuwa ukungu, na unaisha pale tumbo linapoonekana tena wazi na nyuki anaanza kugeuka. Hesabu picha, gawanya kwa 30, au kwa 60 kama ulipiga kwa kasi ya 60, umepata sekunde. Kisha simamisha video katikati ya mkato, weka kipimapembe juu ya skrini, na upime pembe kati ya uzi wa timazi, upande wa juu, na mwelekeo wa kichwa cha nyuki. Andika kama ni kulia au kushoto kwa juu.

Usitosheke na mkato mmoja. Nyuki hawarudii pembe ileile kwa usahihi: mkato unaofuata mzunguko wa kulia huegemea upande mmoja, unaofuata mzunguko wa kushoto huegemea upande wa pili, na kadiri chakula kilivyo karibu ndivyo tofauti hiyo inavyokuwa kubwa. Ukichukua mikato ya upande mmoja tu utapotoka. Acha wa kwanza na wa mwisho, ambao huwa ovyo, kisha chukua minne inayofuatana katikati na utafute wastani. Minne inatosha, kupima ishirini ya nyuki mmoja hakuongezi mengi. Muda huo utumie kumpima nyuki mwingine.

Na usidanganywe na bidii. Nyuki anayerudia ngoma mara nyingi na kurudi mbio kwenye mwanzo wa mstari anasema chakula ni kizuri, hasemi kiko mbali. Umbali uko kwenye urefu wa mkato peke yake.

Jua liko wapi

Pembe ya ngoma ni pembe kutoka upande wa jua, kwa hiyo lazima ujue jua lilikuwa upande gani dakika ile. Zipo programu za simu zinazokupa, lakini njia ninayoiamini ni kijiti. Simamisha kijiti wima kabisa mahali tambarare, mbali na mabati na nondo, na upime kwa dira mwelekeo wa kivuli kutoka kwenye shina la kijiti hadi ncha ya kivuli. Ondoa 180, au ongeza 180 kama kivuli kiko chini ya hapo. Jibu ndio upande wa jua, ukihesabu nyuzi kutoka kaskazini kwa kufuata mshale wa saa.

Pima kivuli mwanzoni na mwishoni mwa kila video. Asubuhi jua letu hubadilisha upande polepole: Singida mwanzoni mwa Aprili, kati ya saa tatu na nusu na saa nne kamili, husogea nyuzi 3 hivi tu. Mchana mambo hugeuka. Karibu na saa saba kasorobo, jua linapovuka juu ya vichwa vyetu, upande wake hubadilika takriban uzi mmoja kwa kila dakika, na video ya dakika kumi inakuwa na jua kumi tofauti.

Kuna siku ni mbaya zaidi. Karibu na tarehe 8 Machi na tena tarehe 5 Oktoba, jua hupita Singida karibu utosini kabisa. Likiwa ndani ya nyuzi 2 au 3 kutoka utosini, hata nyuki wenyewe hawana upande wa kuonesha, na ngoma zao hutawanyika au hukoma kwa muda. Ukiona pembe zinakwenda kila upande saa hiyo, si kosa lako. Mimi hufunga vifaa saa nne na nusu na kurudi saa tisa.

Hesabu yenyewe, kwa mfano mmoja

Tarehe 10 Aprili, saa tatu na nusu asubuhi. Kivuli cha kijiti kilielekea nyuzi 255. Kutoa 180, jua lilikuwa nyuzi 75, yaani mashariki ukisogea kidogo kaskazini.

Nyuki mmoja aliingia mgongo ukiwa wa njano kama aliyeviringika kwenye bizari, akacheza mikato sita. Niliacha wa kwanza na wa sita. Minne ya katikati yote iliegemea kushoto kwa juu: nyuzi 48, 38, 46 na 40. Ona jinsi inavyopishana mmoja mmoja, mkubwa, mdogo, mkubwa, mdogo; ndiyo ile mizunguko ya kulia na kushoto. Wastani ni 43. Kwa picha, mikato hiyo ilikuwa na 43, 40, 45 na 40, wastani wa 42, na 42 gawanya kwa 30 ni sekunde 1.4.

Kanuni ni fupi: mkato ukiwa kulia kwa juu, jumlisha pembe kwenye upande wa jua, ukiwa kushoto, toa. Ikizidi 360, toa 360. Ikiwa chini ya sifuri, ongeza 360.

```
upande wa chakula = 75 - 43 = 32
```

Nyuzi 32 kutoka kaskazini. Kwa umbali nilianza na kanuni ya kukadiria inayotumika kwa nyuki wa Ulaya: sekunde moja ni kama kilomita moja. Hapo pakawa kilomita 1.4.

Kabla ya kuvaa viatu nilifanya jaribio ambalo nakushauri usiliruke. Shamba halihami, lakini jua linahama. Kama hesabu ni sahihi, saa saba kasorobo jua likiwa kaskazini kabisa, ngoma ya shamba lilelile inapaswa kuelekea nyuzi 32 kulia kwa juu. Karibu saa kumi jioni, jua likiwa nyuzi 285, inapaswa kuwa nyuzi 107 kulia, yaani imelala na kuinama kidogo kuelekea chini. Jioni ile nyuki wa mgongo wa njano walicheza kama hesabu ilivyosema, wamelala upande wa kulia, vichwa vikiinamia chini kidogo. Shamba moja, ngoma iliyogeuka kutoka kushoto hadi kulia kwa siku moja. Mtu asiyepima jua angeapa ni mashamba mawili.

Jambo hili hili huwachanganya wanaosoma maelezo yaliyoandikiwa Ulaya. Kule jua la mchana liko kusini daima na husogea kutoka kushoto kwenda kulia. Kwetu mwezi wa Aprili hadi Agosti liko kaskazini, na ukilitazama husogea kutoka kulia kwenda kushoto. Desemba hugeuka kuwa kama la Ulaya. Nyuki hujifunza mwendo wa jua la mahali walipozaliwa. Wewe pima kivuli tu, usikariri.

Kwenda kuangalia

Usitafute nukta, tafuta eneo. Kosa la nyuzi 10, ambalo ni la kawaida, linakupeleka mita 245 pembeni ukiwa umbali wa kilomita 1.4. Kwenye ramani ya simu nilichora mstari wa nyuzi 32 kutoka kibandani, nikaweka kabari ya nyuzi 10 kila upande, nikaitembea kuanzia mita 900 hadi 1,800.

Shamba kubwa la kwanza nililoliona lilikuwa alizeti iliyokwisha kukauka, vichwa vimeinama, hakuna nyuki hata mmoja. Nilidhani nimekosea. Nyuma yake, bondeni, mtu alikuwa amechelewa kupanda ekari moja hivi, na pale vichwa vilikuwa vimefunguka, mlio wa nyuki ukisikika kabla ya kuingia. Umbali kwa ramani: kilomita 1.15. Upande ulikuwa sahihi, umbali uliongezwa chumvi.

Tofauti hiyo ina sababu. Nyuki hapimi mita. Anapima mandhari inavyompita machoni: majani, vichaka na ardhi inavyokimbia kurudi nyuma anapopaa. Mwaka 2000 Mandyam Srinivasan na wenzake walichapisha jaribio ambalo nyuki walipitishwa kwenye handaki jembamba lenye urefu wa mita 6 hivi, kuta zake zikiwa na michoro tele. Kwa kuwa kuta zilikuwa karibu sana na macho, nyuki walirudi wakacheza kana kwamba wamesafiri karibu mita 200. Kwa hiyo njia inayopita juu ya vichaka husomeka ndefu kuliko njia inayopita juu ya uwanda au maji. Aina ya nyuki nayo ina kipimo chake, na wa Ulaya si wa Singida.

Kupata kipimo chako mwenyewe

Ile kilomita moja kwa sekunde ichukulie kama fimbo ya kuanzia, halafu upate yako. Subiri msimu wa njaa, maana wakati wa maua mengi hakuna nyuki atakayejali sahani yako. Changanya sukari na maji kwa uzito sawa, tia tone la harufu kama vanila, na uweke sahani karibu na mlango wa bomba. Nyuki wakishaipata, isogeze mita chache wakiwa juu yake wanakunywa, kisha hatua ndefu zaidi na zaidi, hadi mita 200. Wanaokuja watie nukta ya rangi ya kucha mgongoni, nyuma ya kichwa, usiguse mabawa. Bakiza kumi au kumi na tano tu. Wageni wanaoletwa na ngoma wakamate kwenye chupa mpaka umalize, la sivyo sahani itageuka vita, na mizinga ya jirani itaanza kuibiana.

Sasa rudi kibandani uwapige video wenye rangi. Kama wanakunywa lakini hawachezi, sukari ni hafifu, ongeza. Pima mikato ya nyuki watano hivi, andika wastani, kisha sogeza sahani mita 400, halafu 600, ukitumia upande ambao nyuki wako hupita kweli kwenda malishoni. Chora kwenye karatasi ya mraba, mita chini na sekunde pembeni. Nukta zitakaa karibu na mstari ulionyooka, na shamba lolote utakalolithibitisha kwa miguu, kama ile ekari ya bondeni, liongeze kama nukta nyingine.

Chini ya mita 100 hivi acha kusoma pembe. Huko mkato ni mfupi kiasi kwamba nyuki anaonekana anazunguka tu, na maana yake kwa wenzake ni kwamba chakula kipo hapo nje, watoke wakanuse. Wewe pia toka ukatazame: mara nyingi ni mpapai wa jirani.